Maumivu kati ya makombe ya mabega kwa fundi cherehani: rekebisha kiti na meza, kisha fungua mgongo wa kati

Mafundi wengi wanaokuja kwangu na maumivu haya huonyesha mahali palepale. Mkono unapinda nyuma, kidole gumba kinatafuta ukingo wa ndani wa kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, kisha kinabonyeza. "Hapa. Ikifika saa tisa alasiri, ni kama mtu ameniwekea kaa la moto." Asubuhi hakuna shida. Maumivu huanza baada ya nguo ya tatu au ya nne, hupungua fundi akisimama kukata au kupiga pasi, na hurudi akikaa tena. Mwendo huo, wa kuja na kazi na kuondoka na mapumziko, ndio unaoeleza chanzo.

Fundi aliyekaa kwenye cherehani amefungwa sehemu tatu. Macho yako kwenye sindano, mikono iko kwenye kitambaa, mguu uko kwenye pedali. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuhama wakati mshono unakwenda. Kiti kikiwa mbali, taa ikiwa hafifu au meza ikiwa haikulingana na urefu wako, kinachobaki kulipa tofauti hiyo ni mgongo. Unapinda na kukaa umepinda. Misuli inayoshika makombe ya mabega hunyooshwa mpaka mwisho na wakati huohuo hubeba uzito wa kichwa na mikono. Chini yake kuna pingili 12 za mgongo wa kati, kila moja ikiwa imeungana na jozi ya mbavu. Viungo hivyo vidogo vikikaa upande mmoja kutwa nzima, siku baada ya siku, huanza kuwa vigumu kurudi nyuma na kuzunguka.

Kwa hiyo mazoezi peke yake hayatoshi. Ukinyoosha mgongo asubuhi kisha ukarudi kwenye kiti kilekile kwa muda wa saa tisa, kiti kitashinda. Ninaanza na kiti na meza, mazoezi yanafuata. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo la kuhakikisha.

Kwanza: hakikisha ni maumivu ya kazi

Maumivu ya cherehani hubadilika na mkao. Ukilala yanatulia, ukisimama na kutembea yanapungua. Maumivu yasiyojali mkao, yanayokuamsha usiku wa manane hata siku ambayo hukushona, ni habari nyingine. Huku kwetu lazima nitaje kifua kikuu cha mifupa, kwa sababu hupenda kukaa mgongo wa kati na huanza taratibu, bila hata kukohoa. Dalili zake ni homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, na pengine kinundu kwenye uti wa mgongo ambacho mtu mwingine anakiona ukivua shati. Hapo nenda hospitali, wala usimruhusu mtu akukande au akukanyage mgongo.

Fundi wa cherehani ya miguu ana kipimo chake mwenyewe cha mishipa ya fahamu. Mguu uliozoea pedali kwa miaka ukianza kupoteza mdundo, ukawa mzito au unajikwaa hata ukitembea, au ukihisi ganzi inayozunguka kifua kama mshipi, au haja ndogo ikawa ngumu kutoka au kuzuia, usisubiri hata wiki. Nenda siku hiyohiyo.

Vilevile, maumivu ya ghafla kati ya mabega yanayokuja na kubanwa kifua, jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo au ya mshipa mkubwa wa damu. Hiyo ni dharura. Na yale yanayokuja chini ya kombe la kulia baada ya chakula chenye mafuta mengi huenda yakawa ya nyongo, cherehani haihusiki.

Kuna chanzo kingine ambacho si hatari kama hivyo lakini huwapoteza wengi: shingo. Mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya shingo inaweza kuumiza kati ya makombe ya mabega wakati shingo yenyewe haiumi. Jaribu hivi. Maumivu yakiwa makali, inua mkono wa upande unaouma na uweke kiganja juu ya kichwa, ukae hivyo kwa dakika moja. Ukihisi nafuu ya wazi, na hasa kama huwa unapata ganzi au vichomi kushuka mkononi, mshukiwa wa kwanza ni shingo. Marekebisho ya kiti na meza bado yatakusaidia, ila mazoezi ya mgongo uyafanye baada ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia.

Pili: pima kiti na meza kwa tepu yako

Nitaeleza kwa mfano wa fundi mmoja wa sare za shule, mama wa miaka arobaini na kitu, anayeshona barazani Tandika, Dar es Salaam. Maumivu yake yalikuwa upande wa kushoto zaidi, na kila Desemba na Januari, sare zinapojazana, yalikuwa yakizidi. Alikuwa ameshajaribu dawa za kuchua za kila rangi.

Alikuwa akikalia kiti cha plastiki chenye mikono. Tulichukua tepu yake ya shingoni tukapima vitu vitatu. Kiti kilikuwa sentimita 42 kutoka sakafuni, na katikati kilikuwa kimebonyea. Alipokaa na kuacha mikono ining'inie, kisha akakunja viwiko, kiwiko kilikuwa sentimita 65 kutoka sakafuni. Meza ya cherehani ilikuwa sentimita 76. Yaani meza ilikuwa juu ya kiwiko kwa sentimita 11. Ili mikono ifike kwenye kitambaa ilibidi mabega yapande na viwiko vitanuke pembeni, na yakae hivyo kutwa.

Kwa kushona, meza inatakiwa iwe juu ya kiwiko kidogo, kama sentimita 5 hivi. Ukizidi hapo, angalia mabega yako yasipande. Ikiwa chini ya kiwiko, kama inavyowatokea wanaume warefu wanaokalia stuli ndefu, utainama kufuata sindano. Ikiwa juu mno, mabega yatapanda. Yeye tulimpa stuli ya mbao ya sentimita 47, kiwiko kikafika 70, tofauti ikawa 6.

Hapa wengi huuliza: kiti kikipanda, miguu haitaning'inia? Kwenye cherehani ya miguu, hapana. Pedali yenyewe imeinuliwa kutoka sakafuni, kwa hiyo mguu ulioko juu yake unahitaji kiti kirefu kuliko kiti cha kulia chakula. Kiti kifupi kinafanya magoti yapande juu ya nyonga, nyonga inalala nyuma, na kiuno kikilala nyuma mgongo wa kati hauna njia ila kupinda. Kaa ukanyage pedali uangalie: magoti yawe chini ya nyonga kidogo, au sawa nayo. Kama unatumia cherehani ya umeme yenye kikanyagio kidogo cha sakafuni, hesabu ni nyingine. Miguu yote miwili itue vizuri sakafuni, na kama meza bado iko juu, weka ubao chini ya miguu baada ya kuinua kiti.

Cherehani ya umeme inayowekwa juu ya meza ya kawaida ina mtego mwingine. Cherehani ya miguu huzama ndani ya meza yake, kitambaa kinapita usawa wa ubao. Ile ya kuweka juu inaongeza kimo chake mwenyewe. Pima mpaka pale kitambaa kinapopita chini ya sindano. Ubao wa meza usikudanganye.

Kosa la pili la kile kiti cha plastiki lilikuwa mikono yake. Iligonga ukingo wa meza, kiti hakikuingia, na kati ya tumbo lake na meza palibaki kama sentimita 20. Sentimita hizo zote alizivuka kwa mgongo. Kwa stuli isiyo na mikono alisogea mpaka pakabaki nafasi ya ngumi moja. Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa mafundi wote wa barazani, ningebadilisha hicho kiti.

Kisha tukaangalia sindano. Kwenye cherehani nyingi sindano iko kushoto, na gurudumu la mkono liko kulia. Yeye alikuwa akikaa katikati ya meza, karibu na gurudumu, kwa hiyo kila mshono aliushona amegeuza shingo na kifua kushoto. Pua yako iwe mbele ya sindano. Sogeza stuli kushoto mpaka ukitazama mbele uione sindano bila kugeuka. Siku za kwanza mkono wa kulia utalalamika kuwa gurudumu liko mbali, lakini gurudumu unaligusa mara chache, sindano unaitazama muda wote.

Mwisho ni mwanga. Alikaa mlango ukiwa nyuma yake, kivuli cha kichwa chake kikawa juu ya mshono, na kitambaa cha bluu nyeusi chenye uzi wa bluu nyeusi hakikuhitaji zaidi ya hapo kumwinamisha. Tuligeuza meza mwanga uje kutoka kushoto, kwa sababu kulia kuna mwili wa cherehani wenyewe. Jioni akatundika balbu upande huohuo. Na alipojaribu miwani ya kusomea aliona tofauti papo hapo. Kuanzia miaka ya arobaini macho ya karibu hudhoofu kwa karibu kila mtu. Ukijikuta unainama kutunga uzi kwenye sindano, au unasogeza kitambaa mbali ili ukione, pima macho kabla ya kununua dawa nyingine ya kuchua.

Kuna nyongeza moja ambayo si lazima, lakini kwa wanaoshona vitu vidogo kama kola na mifuko inasaidia sana: kuinua miguu ya nyuma ya meza kwa vipande vya mbao vya sentimita 4 hivi, ili ubao uegemee kwako kidogo. Unaiona sindano bila kuinamisha kichwa sana. Vipande vichongwe kishimo ili mguu wa chuma usiteleze, mkasi uutafutie mahali pengine kwa sababu utateleza, na kiwiko ukipime tena kwa kuwa meza imepanda.

Tatu: jua mgongo umekaza kiasi gani

Kaa kwenye stuli, bana mto kati ya magoti ili nyonga isidanganye. Chukua rula yako ndefu ya kuchorea, iweke kifuani ikiwa imelala, ikumbatie kwa mikono iliyokunjwa. Kaa wima. Geuka kulia mpaka mwisho bila kulazimisha, mtu aangalie ncha ya rula inaelekea wapi, kisha kushoto. Ukianzia mbele kabisa, rula ikifika katikati ya mbele na pembeni, mgongo wako unazunguka vizuri. Ikiishia njiani, au upande mmoja ukiwa mfupi waziwazi kuliko mwingine, umepata upande wa kushughulikia. Yule mama aligeuka vizuri kushoto, upande aliokuwa akielekea siku zote. Kulia alifika kama nusu ya hapo.

Andika mahali ulipofika, hata kwa chaki ukutani. Utarudi hapo.

Nne: mazoezi

La kwanza linarudisha mgongo nyuma. Vingirisha taulo nene ndani ya khanga, ukaze mpaka iwe na unene wa sentimita 8 hivi. Jora la kitambaa usilitumie, ni nene na gumu mno. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, ile taulo ikiwa imekatisha mgongo usawa wa ncha za chini za makombe ya mabega. Fumba vidole nyuma ya kichwa kubeba uzito wake, viwiko vielekee juu. Vuta pumzi, kisha toa pumzi polepole ukiacha mgongo ulegee juu ya taulo. Makalio yabaki chini. Pumzi tano, halafu sogeza taulo juu kwa upana wa vidole vitatu, pumzi tano nyingine, kisha mara moja zaidi. Usiishushe kiunoni wala usiipandishe shingoni. Kosa la kawaida ni kupindisha kiuno ambacho tayari kinapinda kirahisi. Utalijua kwa sababu mbavu za chini zitachomoza juu na mgongo wa kati hautahisi kitu. Vuta miguu karibu na makalio, litaisha.

Mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyeambiwa mifupa yake ni dhaifu, au mzee aliyeanza kupinda mgongo aliache zoezi hili na alifanye kwenye kiti chenye egemeo fupi: mikono nyuma ya kichwa, egemeo likiwa usawa wa makombe, anaegemea nyuma taratibu akitoa pumzi.

La pili ni la kuzunguka. Lala ubavu, magoti yamekunjwa mbele usawa wa nyonga, mto chini ya kichwa. Mikono yote miwili mbele yako, kiganja juu ya kiganja. Inua mkono wa juu, uupeleke nyuma kama unafungua kitabu, macho yaufuate. Magoti yasiachane hata kidogo. Yakiachana, kinachozunguka ni kiuno. Mkono si lazima ufike chini. Simama pale panapokaza, toa pumzi mara mbili, rudi. Mara nane kila upande, na upande uliokuwa mfupi kwenye kipimo cha rula uurudie mara nane nyingine.

La tatu ni la nguvu, na ndilo linaloachwa zaidi. Misuli ile inauma kwa kuwa imenyooshwa na kuchoka, kwa hiyo kujikumbatia na kuinyoosha zaidi kunapendeza kwa dakika tano tu. Inahitaji kukazwa. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate, ifunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu. Simama, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma vikipita karibu na mbavu mpaka makombe ya mabega yasogeleane, hesabu mpaka mbili, rudisha polepole. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, tyubu imekaza mno. Ongeza urefu wake.

Mawili ya kwanza fanya kila siku, na jioni baada ya kazi ndio wakati mzuri. La tyubu siku tatu kwa wiki zinatosha. Kuhisi kukaza wakati wa zoezi ni kawaida. Maumivu yanayobaki makali zaidi kwa saa nzima baadaye yanasema umezidisha, punguza nusu. Ganzi au vichomi vikishuka mkononi au kuzunguka kifua, acha.

Mgongo ukilia "ka!" wakati wa mazoezi, usihangaike. Lakini usiutafute mlio huo, wala usimpandishe mtoto mgongoni akutembelee. Nafuu yake ni ya muda mfupi, na kwa mwenye mifupa dhaifu au kifua kikuu cha mifupa ni hatari.

Tano: kupumzika kwa kufuata bobini

Hakuna fundi anayesimama kila nusu saa kwa sababu ameambiwa na mtaalamu. Bobini ndiyo saa nzuri. Uzi wa chini ukiisha lazima usimame kazi hata kama hutaki. Basi simama na mwili pia: fumba vidole nyuma ya kichwa, fungua viwiko, egemea nyuma mara tano, geuka kulia na kushoto mara tano. Haifiki dakika moja. Ukijaza bobini kumi asubuhi ili usisumbuke, umejinyima mapumziko yako mwenyewe; jaza mbili au tatu tu.

Jambo la pili ni mpangilio wa kazi. Desturi ya wakati wa sare ni kukata zote, kisha kushona zote, kisha kupiga pasi zote. Kwa kasi inapendeza, kwa mgongo ni saa tano mfululizo za mkao mmoja. Gawanya kwa mafungu: kata kumi, shona kumi, piga pasi kumi. Yule mama alisema mwanzoni ilimchelewesha. Baadaye aliona kuwa zile shati za mwisho za jioni, ambazo zamani alikuwa akizifumua kola kwa uchovu, sasa zinatoka sawa mara ya kwanza.

Utegemee nini

Kiti, mwanga na sindano vikirekebishwa, maumivu ya alasiri huanza kuchelewa ndani ya wiki 2 au 3. Kwanza yanahama kutoka saa tisa kwenda jioni, kisha yanaruka siku. Kukaza kwa mgongo huchukua muda mrefu zaidi, kama wiki 6 au 8. Rudia kipimo cha rula kila baada ya wiki mbili, usipime kila siku. Yule fundi wa Tandika alimaliza msimu wa sare bila dawa ya kuchua, ila upande wa kulia bado haujafikia wa kushoto, na siku anazoshona mapazia mazito, yanayovuta mikono kwa uzito wake, maumivu humkumbuka. Kwa mapazia anaweka meza ya pili kushoto kwake ibebe kitambaa.

Kama wiki 6 zimepita, umerekebisha kiti kweli na umefanya mazoezi kweli, na hakuna kilichobadilika, nenda hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia. Chukua picha ya wewe ukiwa umekaa kwenye cherehani, ipigwe kutoka ubavuni, katikati ya kazi, bila wewe kujua. Umwambie mtaalamu pia maumivu huanza saa ngapi na nini kinayatuliza.